Waraka wa Kurudi Ofisini Unguja: Sababu, Tarehe na Haki ya Kuomba Ruhusa Maalumu

Mwajiri anayetaka wafanyakazi wake warudi ofisini baada ya muda mrefu wa kufanya kazi nyumbani mara nyingi huandika mistari mitatu: kuanzia Jumatatu wote mnatakiwa kazini, saa moja na nusu asubuhi, mwenye tatizo amwone mkuu wake. Mistari hiyo mitatu ndiyo inayozaa ugomvi wote unaofuata. Haisemi kwa nini, haimpi mtu muda wa kupanga nyumba yake, na neno "amwone mkuu wake" lina maana kwamba anayejuana na mkuu atabaki nyumbani na asiyejuana naye atapanda daladala.

Makala haya yanaeleza namna ya kuandika waraka ulio kamili kwa ofisi iliyoko Mji Mkongwe au kwingineko Unguja. Yanamfaa anayeuandika na anayeupokea, kwa sababu mfanyakazi anayejua waraka mzuri unavyokuwa ndiye anayeweza kuuliza maswali ya maana pale uliomfikia unapopwaya.

Kwanza, ni lini waraka wa namna hii unahitajika? Tarehe 27 na 28 Januari 2025, Dar es Salaam ilipopokea mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kuhusu nishati, watumishi wa umma wengi wa jiji hilo walielekezwa wafanyie kazi nyumbani ili kupunguza magari barabarani. Agizo lilikuwa na mwanzo na mwisho, basi siku zilipokwisha watu walirudi na hakuna aliyehitaji maelezo. Kenya ilikuwa tofauti. Machi 2020, korona ilipoingia, serikali ilizitaka ofisi ziwaache watu wafanyie kazi nyumbani pale inapowezekana, na hapakuwa na siku ya mwisho. Mpangilio usio na mwisho huota mizizi. Mtu huhamia kwenye nyumba ya nafuu Fuoni au Bububu, humwondoa msaidizi wa kazi, huanza kumpeleka mtoto skuli yeye mwenyewe, au humchukua mzazi mgonjwa nyumbani kwake. Ofisi inayotaka kuubadilisha mpangilio kama huo inagusa maisha yaliyokwisha kupangwa, na hapo ndipo waraka wa kweli unapohitajika.

Kabla ya kuandika hata neno moja, toa mikataba ya kazi kwenye makabati uisome. Mkataba unaotaja ofisi ya Shangani, Malindi au Vuga kuwa ndiyo mahali pa kazi humwezesha mwajiri kumrudisha mtu kwa taarifa ya kutosha, kwa sababu nyumbani palikuwa ni ruhusa tu. Lakini kuna walioajiriwa katika miaka ya karibuni wakiwa tayari wanafanya kazi kutoka nyumbani, na mikataba yao inasema hivyo waziwazi. Hawa hawarudishwi kwa waraka. Kwao mwajiri anaomba kubadilisha mkataba, anakaa nao mmoja mmoja, na mabadiliko yanaandikwa na kutiwa saini na pande zote mbili. Kuwachanganya na wengine kwenye waraka mmoja ni kosa la kwanza ambalo wakili wa mfanyakazi ataliona.

Kosa la pili ni la kisheria, na hutokea zaidi kwenye kampuni zenye makao makuu Dar es Salaam. Waraka huandikwa kule, ukanukuu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kumwelekeza mwenye malalamiko kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kisha ukatumwa kwa tawi la Unguja vilevile ulivyo. Sheria ile ni ya Tanzania Bara. Huku Zanzibar mwajiri wa sekta binafsi anafuata Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huohuo, na mgogoro unaanzia kwenye kitengo cha kushughulikia migogoro kilichowekwa chini ya sheria hizo za hapa. Usalama na afya kazini navyo vina sheria yake, Namba 8 ya mwaka 2005. Mtumishi wa umma wa Zanzibar ana Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2011. Mfanyakazi aliyeelekezwa mlango usio wake atapoteza wiki nzima akizungushwa, na mwajiri aliyemwelekeza huko ameonyesha kwamba hakujua anachokitia saini.

Sasa tuingie kwenye waraka wenyewe. Tuchukue mfano wa ofisi ya ushauri wa hesabu na nyaraka za biashara, iko ghorofa ya kwanza na ya pili ya nyumba ya zamani Shangani, na mapokezi yake yako chini, ina wafanyakazi 34 na meza 24. Mfano huu ni wa kutunga, ila kila kilichomo kinaikumba ofisi yoyote ya Mji Mkongwe.

Menejimenti ilianza kwa kutaka wote warudi siku nne kwa wiki. Afisa utumishi akachukua karatasi akapiga hesabu. Wafanyakazi 34 mara siku 4 ni nafasi 136 za kukaa kwa wiki. Meza 24 kwa siku tano ni nafasi 120. Tayari haitoshi. Kisha kuna Ijumaa, siku ambayo wengi hutoka mapema kwa ajili ya sala na si siku ya kumlazimisha mtu wa Makunduchi asafiri kwa saa chache za kazi. Ukiitoa Ijumaa, meza 24 kwa siku nne ni nafasi 96 tu. Siku tatu kwa kila mtu zinahitaji nafasi 102. Kwa hiyo hata siku tatu zinataka meza mbili zaidi, zifike 26 na kutoa nafasi 104. Siku nne zingetaka meza 34 zilizojaa kila siku kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi.

Kwa nini wasiongeze meza kumi basi? Kwa sababu ya nyumba. Vyumba vya nyumba za mawe za Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba. Dari zake zinabebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba huishia pale urefu wa boriti unapoishia, kiasi cha mita tatu au pungufu. Ukiweka meza ya sentimita 70 kila upande, katikati inabaki mita moja na nusu hivi ya viti viwili vinavyopeana mgongo, na mtu wa tatu hapiti mpaka mmoja ainuke. Kubomoa ukuta si uamuzi wa mpangaji wala wa mwenye nyumba peke yake, kwa kuwa ujenzi wowote humu unahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Na sakafu zenyewe si za kurundikia makabati ya chuma na watu bila kumwita fundi anayezijua. Tangu sehemu ya Beit el Ajaib ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wakati wa ukarabati, hakuna mwenye ofisi katika nyumba ya zamani anayeweza kusema hakujua.

Ile karatasi ndiyo iliyoamua kwamba siku zitakuwa tatu. Naisisitiza hatua hii kwa sababu hata makampuni makubwa kabisa huiruka. Amazon iliwatangazia wafanyakazi wake wa ofisini tarehe 16 Septemba 2024 kwamba kuanzia tarehe 2 Januari 2025 watarudi siku tano kwa wiki, taarifa ya zaidi ya miezi mitatu. Tarehe ilipokaribia ikabidi baadhi ya maofisi yake yaahirishe, kwa kuwa nafasi za kukaa zilikuwa hazijawa tayari. Ikiwa kampuni ya ukubwa ule ilikwama kwenye meza, ofisi ya vyumba saba Shangani haina budi kuhesabu mapema.

Baada ya hesabu, andika sababu. Hapa watu wengi huandika maneno mapana: kuimarisha utamaduni wa kazi, kuongeza tija, kujenga umoja. Maneno hayo hayampi mtu kitu cha kukubali wala cha kupinga, na zaidi ya hapo hayatakusaidia siku ombi la kwanza la ruhusa maalumu litakapoletwa mezani. Sababu ndiyo pishi utakayolipimia kila ombi. Ukisema tunataka watu warudi kwa sababu wateja huleta hati halisi zinazotakiwa kukaguliwa na watu wawili siku hiyohiyo, basi ombi la mhasibu ambaye hagusi hati hizo lina jibu lake tayari. Ukisema "umoja", kila anayekataliwa atahisi kwamba ameonewa, na huenda akawa kweli.

Ofisi yetu ya mfano iliandika hivi:

"Tunarejesha kazi ofisini kwa sababu tatu. Kwanza, hati halisi za wateja haziruhusiwi kutoka nje ya jengo, na kwa sasa ukaguzi wake hungoja siku ambayo wakaguzi wawili wamekutana. Pili, wafanyakazi sita walioajiriwa mwaka huu hawajapata mtu wa kukaa naye na kujifunza kazi. Tatu, umeme na intaneti vinapokatika majumbani, kazi za siku hiyo husimama, ilhali ofisi ina jenereta. Orodha ya kazi zilizochelewa tangu Januari kwa sababu hizi imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, bila majina ya watu."

Sababu ya tatu inataka uangalifu. Watu wa Unguja wanakumbuka kukaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, baada ya umeme unaotoka Bara kupitia chini ya bahari kukatika. Na giza lililoanza Mei 2008 lilikuwa la mwezi mzima. Kwa hiyo ukitaja umeme utaeleweka haraka. Lakini aliyefunga sola na betri nyumbani kwake atakuuliza, kwa haki, sababu hii inamhusu vipi. Uwe na jibu, au uiondoe. Kumbuka pia kwamba jenereta ya ofisi isiyokuwa na mafuta haimzidi mtu mwenye bando na betri nyumbani.

Tarehe zinafuata. Zipange ukiwa na kalenda mbili mkononi, ya kawaida na ya Kiislamu, na ya tatu kichwani, ile ya mvua. Ofisi yetu ilipanga kutoa waraka Jumatatu tarehe 3 Agosti 2026. Awamu ya kwanza, siku mbili kwa wiki, inaanza Jumatatu tarehe 5 Oktoba 2026, wiki tisa baadaye. Awamu ya pili, siku tatu kwa wiki, inaanza Jumatatu tarehe 18 Januari 2027.

Kila tarehe ina maelezo yake. Wiki tisa za mwanzo zinatosha kumtafuta msaidizi wa nyumbani, kupanga upya usafiri wa skuli, na kusikiliza maombi yote mpaka rufaa. Maulidi yataangukia wiki ya mwisho ya Agosti, kwa hiyo siku ya mwisho ya kuleta maombi haikuwekwa ndani ya wiki hiyo, iliwekwa Jumatatu tarehe 31 Agosti. Oktoba hadi Desemba ni vuli, mvua ambayo kwa kawaida si kali kama masika, na wenye kutoka mbali wanaweza kuizoea safari. Januari ilichaguliwa baada ya sherehe za Mapinduzi za tarehe 12. Ramadhani inatarajiwa kuingia karibu na tarehe 8 Februari 2027, kwa kutegemea mwandamo, na ofisi haikutaka mtu aanze siku ya tatu akiwa amefunga, anarudi kwenye jua la saa tisa alasiri akiwahi futari. Kati ya kuanza Ramadhani na kwisha kwa masika mwezi Mei hakuna awamu mpya inayoanza. Huo ndio wakati wa kukaa, kuangalia na kurekebisha.

Weka na sharti linalomfunga mwajiri. Waraka wa mfano unasema: "Awamu ya pili haitaanza mpaka meza mbili za ziada ziwe zimefungwa na vyoo vya ghorofa ya pili vimetengenezwa. Yasipokamilika kufikia tarehe 11 Januari 2027, awamu ya pili itasogezwa mbele na wafanyakazi watapewa taarifa ya tarehe mpya si chini ya wiki tatu kabla." Sentensi hii moja hufanya kazi kubwa, kwa sababu wafanyakazi wanaona kwamba tarehe zinawabana wakubwa kama zinavyowabana wao.

Sasa tufike kwenye ruhusa maalumu, sehemu ambayo nyaraka nyingi huipa mstari mmoja na ambayo hapa nataka kuipa nafasi ya kutosha.

Anza kwa kutaja nani anaweza kuomba, na usifunge orodha. Watakuwepo wenye ulemavu au maradhi. Wajawazito na wanaonyonyesha. Wanaotunza mtoto mdogo, mgonjwa au mzee ambaye hana mtu mwingine. Wanaokaa mbali, na ofisi ieleze mbali ni wapi. Kwa Unguja kilomita peke yake hazisemi kitu. Mtu wa Bububu yuko kama kilomita kumi kutoka mjini na gari zipo mfululizo. Mtu wa Nungwi au Makunduchi anatoka pembe ya kisiwa, kilomita sitini hivi, kwa gari ya shamba inayosubiri kujaa na kusimama kila kijiji. Kipimo bora ni muda: saa ngapi kutoka mlangoni kwake hadi mlangoni kwa ofisi, kwa usafiri anaoutumia kweli, na gari ya mwisho ya kumrudisha inaondoka saa ngapi. Baada ya hao, andika: "na mwenye sababu nyingine yoyote anayoona inafaa kusikilizwa."

Fomu ya ombi iwe ya ukurasa mmoja. Inauliza mambo manne: unaomba nini hasa, kwa sababu gani, kwa muda gani, na kazi zako zipi zinahitaji uwepo wako ofisini. Anayeomba kwa ajili ya afya asitakiwe kutaja jina la ugonjwa wake. Cheti cha daktari kinachosema hawezi kupanda ngazi kwa miezi minne kinatosha. Mengine ni ya kwake na daktari wake. Taarifa za afya ni nyeti, na barua ya daktari iliyoachwa juu ya meza ya mapokezi, au iliyopigwa picha ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp la ofisi, ni kosa ambalo halifutiki kwa kuomba radhi. Ikae kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo awe nao mtu mmoja.

Ratiba ya maombi katika ofisi ya mfano ni hii. Fomu zinapokewa hadi tarehe 31 Agosti. Kila muombaji anaitwa kuzungumza na watu wawili, afisa utumishi na mkuu wa idara ambayo si yake, na mkuu wake wa moja kwa moja anatoa maelezo ya kazi kwa maandishi lakini haamui. Jibu la maandishi linamfikia kabla ya Ijumaa tarehe 18 Septemba. Asiyeridhika anakata rufaa kwa barua hadi tarehe 25 Septemba, na rufaa inasikilizwa na mtu ambaye hakuwepo kwenye uamuzi wa kwanza, ikamalizwa kabla ya tarehe 2 Oktoba. Anayetaka kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake anaruhusiwa. Kama ofisi ndiyo iliyochelewa kujibu, mpangilio wa nyumbani unaendelea mpaka jibu lipatikane, na hakuna anayehesabiwa mtoro kwa kungoja.

Tulifuate ombi moja hadi mwisho. Mama mmoja anakaa Makunduchi na anafanya kazi ya kuingiza hesabu za wateja na kukagua hati. Mzazi wake alipata kiharusi mwaka uliopita na hawezi kujihudumia. Ameomba abaki nyumbani siku zote tano.

Kamati haikuanza na swali la kama ana shida, kwa kuwa shida yake inaonekana. Ilianza na sababu tatu za waraka. Kuingiza hesabu hakuguswi na sababu ya hati halisi, wala yeye hafundishi wafanyakazi wapya. Kukagua hati kunaguswa moja kwa moja, na yeye ni mmoja wa wakaguzi wanne. Umeme wa kwao ulikatika, lakini kazi zake zilizochelewa kwa sababu hiyo zilikuwa mbili tu tangu Januari. Kwa hiyo kilichobaki cha kuzungumza ni ukaguzi wa hati, na daftari likaonyesha kwamba unachukua saa kama sita kwa wiki.

Afisa utumishi alimuuliza, "Dada, tukiziweka hati zako zote siku moja, kuna mtu wa kukaa na mama?" Akajibu kwamba Jumatano mdogo wake hana kazi, ila gari ya saa kumi na mbili asubuhi yeye huikosa kwa kuwa lazima kwanza amwogeshe mgonjwa na kumpa dawa.

Uamuzi ukaandikwa hivi: atakuja ofisini Jumatano tu, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa, ukaguzi wake wote utapangwa siku hiyo, mpangilio utadumu miezi sita kuanzia tarehe 5 Oktoba 2026 na utaangaliwa upya mwanzoni mwa Aprili 2027, kwa yeye mwenyewe kuwepo, na hali ya nyumbani ikibadilika kabla ya hapo, upande wowote unaweza kuomba kikao. Chini yake zikaandikwa sababu kwa mistari mitano. Hakupata alichoomba chote, lakini kila kilichokataliwa kina maelezo anayoweza kuyasoma na kuyapinga.

Ombi jingine lilikuwa jepesi zaidi, na nalitaja kwa sababu aghalabu hukosewa. Kijana mwenye ulemavu wa mguu aliomba kubaki nyumbani. Alipoulizwa, ikawa hachukii ofisi, anaogopa ngazi: nyumba haina lifti, ngazi zake ni za wima na nyembamba, na meza yake iko ghorofa ya pili. Ofisi iliyokuwa tayari kumpa ruhusa ya kudumu ingemtenga na wenzake kwa kisingizio cha kumhurumia. Walikubaliana chumba cha mapokezi cha chini kigawanywe, apate meza pale, na mikutano ya idara yake ifanyike chini. Swali la kuuliza kila mara ni kama kinachomzuia mtu kinaweza kuondolewa, kabla ya kumwondoa mtu mwenyewe.

Yapo mambo matatu yatakayoharibika hata waraka ukiwa mzuri, na kila moja lina dalili yake. La kwanza ni ruhusa za pembeni. Mkuu wa idara anamwambia mtu wake abaki tu nyumbani, hakuna fomu, hakuna jina kwenye daftari. Dalili yake ni pale meza zinapokuwa tupu kuliko idadi ya ruhusa zilizoandikwa. Linganisha daftari la mahudhurio na daftari la ruhusa kila mwisho wa mwezi, na ruhusa isiyoandikwa ichukuliwe kuwa haipo, hata kama aliyeitoa ni mkurugenzi.

La pili ni upendeleo usiokusudiwa. Baada ya miezi mitatu funua daftari la maombi usome nani aliomba, nani alipewa, nani alinyimwa. Kama wanawake ndio waliojaza fomu na wanaume ndio waliopata ruhusa za mdomo, au kama idara moja imekataa kila ombi na nyingine imekubali kila ombi, kosa haliko kwa waombaji. Rudisha maombi yale yasikilizwe upya.

La tatu ni adhabu ya haraka. Mtu hakutokea tarehe 5 Oktoba, barua ya onyo inatoka tarehe 6. Kabla ya onyo lolote, mtu aulizwe kwa maandishi kwa nini hakufika na apewe siku za kujibu. Huenda hakupata waraka. Ulitumwa kwenye simu ambayo namba yake imebadilika. Ndiyo maana waraka ukabidhiwe kwa mkono au barua pepe ya kazi, asaini kwamba ameupokea, na nakala ibandikwe ubaoni. Ujumbe wa WhatsApp wa Ijumaa jioni unafaa kwa ukumbusho, haufai kuwa taarifa rasmi. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya kutorudi ofisini ni jambo zito lenye taratibu zake katika Sheria ya Ajira, na mwajiri asilifikie kabla ombi la mtu huyo na rufaa yake havijamalizwa.

Kwa mfanyakazi aliyepewa waraka wenye mistari mitatu tu, hatua ya kwanza si kugoma wala kunyamaza. Andika barua fupi ndani ya siku chache, ueleze kwamba umeupokea, uulize sababu, tarehe na utaratibu wa kuomba ruhusa, na uombe jibu la maandishi. Weka nakala yenye muhuri wa mapokezi au tarehe ya barua pepe. Jibu lisipokuja, ipeleke nakala hiyo kwa mwakilishi wa chama chako, na kama huna chama, fika Kamisheni ya Kazi uulize ukiwa na vitu vitatu mkononi: mkataba wako, waraka wenyewe, na barua uliyoandika. Wakati huohuo endelea kufanya kazi zako na kuziandika kila siku, uliko na ulichomaliza, kwa sababu kitu cha kwanza utakachoulizwa ni kama kazi ilikuwa inafanyika.